Dakika 50 za akiba: kupanga siku nzima ya mafunzo kwa wafanyakazi wa kituo cha afya

Ratiba nyingi za mafunzo ya siku moja hupangwa kwa kuhesabu mada. Mwandaaji ana mada nane na saa nane, basi kila mada inapewa saa moja, chai inabanwa katikati, chakula cha mchana kinapewa nusu saa, na karatasi inachapwa. Ikifika saa tano asubuhi ratiba hiyo imeshakufa. Wawezeshaji hawakuwa wabaya wala washiriki hawakuwa wazembe. Tatizo ni kwamba muda wa kipindi hautokani na urefu wa mada. Unatokana na idadi ya watu ambao lazima wafanye jambo fulani kwa mikono yao, na idadi ya vifaa walivyopewa kulifanyia.

Nitaonyesha hesabu hiyo kwa mfano mmoja ambao wengi wetu tunaoandaa mafunzo ya afya wilayani tunaufahamu: siku moja ya kukinga na kudhibiti maambukizi kwa wafanyakazi wa kituo cha afya. Washiriki ni 24, mchanganyiko wa matabibu, wauguzi, watu wa maabara na wahudumu wa usafi. Kituo kina wafanyakazi kama 50, kwa hiyo wanagawanywa makundi mawili, moja Jumanne na jingine Alhamisi, ili wodi ya wazazi na wagonjwa wa nje wasikose mtu. Jumatatu inaachwa kwa sababu ndiyo siku foleni ya wagonjwa inapokuwa ndefu kuliko zote. Aliyetoka zamu ya usiku haingii mafunzoni asubuhi hiyo hiyo. Anapangwa kundi la pili. Ukimwita, atalala kiti cha nyuma, na nafasi yake imepotea.

Hii ndiyo ratiba ya mratibu, kwa saa za Kiswahili:

2:00–2:30 Kujiandikisha na jaribio la awali
2:30–2:45 Kufungua
2:45–4:00 Kipindi cha kwanza: maambukizi yanavyosafiri ndani ya kituo
4:00–4:30 Chai
4:30–6:05 Kipindi cha pili: mazoezi kwa vituo vinne
6:05–6:25 Akiba ya kwanza
6:25–7:30 Chakula na swala
7:30–8:35 Kipindi cha tatu: kuzunguka wodini
8:35–8:45 Maji na kunyoosha miguu
8:45–9:00 Akiba ya pili
9:00–9:45 Kipindi cha nne: mpango wa kila idara
9:45–10:00 Jaribio la mwisho
10:00–10:15 Kufunga
10:15–10:30 Akiba ya tatu

Vipindi vinne vya mafunzo vinachukua dakika 280. Akiba tatu ni dakika 50, yaani karibu asilimia 18 ya muda wa mafunzo. Ukishuka chini ya asilimia 10, umeme ukikatika mara moja tu akiba imekwisha. Ukipanda juu ya asilimia 20, wawezeshaji wanaanza kulegea kwa kuwa wanahisi nafasi ipo.

Tuanze na kufungua, maana hapo ndipo siku huanza kuvuja. Dakika 15 zinatosha kwa sharti moja: utambulisho wa mtu mmoja mmoja usiwepo. Watu 24 wakisimama kutaja jina, cheo, idara na matarajio yao, kila mmoja hutumia dakika moja na nusu, na jumla ni dakika 36. Hawa ni watu wanaofanya kazi pamoja kila siku. Wanaohitaji kutambulishwa ni wawezeshaji tu. Matarajio yaandikwe kwenye karatasi ndogo wakati wa kujiandikisha na kubandikwa ukutani. Kama kuna mgeni rasmi, kwa mfano kutoka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, usimfunge kwenye saa 2:30. Mweleze mapema kwamba atapewa dakika 10 mara tu atakapofika, baada ya kipindi kinachoendelea, na kwamba mafunzo yataanza kwa wakati. Wengi wao hulipokea vizuri, kwa sababu nao wana vikao vingine siku hiyo. Dakika hizo 10 hutoka kwenye akiba iliyo karibu. Hazitoki kwenye chai.

Kipindi cha kwanza kina dakika 75: maelezo 20, maswali 10, kazi ya vikundi 25, na kurejesha majibu 20. Sehemu inayochelewesha ni hiyo ya mwisho. Vikundi vinne vikipewa swali moja, kila kikundi kitasoma majibu yaleyale kwa dakika tano na kuulizwa kwa dakika tatu. Hizo ni dakika 32, na kikundi cha nne kinasoma mbele ya watu waliokwisha kuchoka. Mpe kila kikundi tukio lake: mama aliyejifungua na kupata homa siku ya pili, muuguzi aliyechomwa na sindano akirudisha kifuniko, mgonjwa wa kuhara aliyelazwa kitanda cha jirani na mtoto, na shuka zenye damu zilizokaa koridoni hadi asubuhi. Kila kikundi kinapata dakika tatu za kusema na mbili za kuulizwa, na dakika 20 zinatimia. Tukio la shuka linawekewa alama kwenye ratiba ya mratibu kuwa linaweza kuondolewa, vikundi vikabaki vitatu vyenye watu wanane. Kila kipindi kiwe na kipande cha namna hiyo, na kipande hicho kichaguliwe siku iliyotangulia, ukiwa umetulia. Ukisubiri kuamua mbele ya watu huku saa inakimbia, utakata zoezi na kubakiza maelezo, kwa kuwa maelezo ndiyo yaliyo mdomoni.

Kipindi cha pili ndicho kiini cha siku yote, na ndicho kinachohitaji hesabu kali. Vituo vya mazoezi ni vinne: kunawa mikono, kuchanganya maji ya klorini, kuvaa na kuvua glavu na vifaa kinga, na kutenganisha taka. Makundi ni manne ya watu sita. Dakika 20 kwa kila kituo, mara nne, ni 80. Kuhama kutoka kituo hadi kituo ni dakika tatu, mara tatu, ni 9. Maelekezo mwanzoni ni dakika 6. Jumla ni 95.

Hiyo 20 inatoka wapi? Inatoka kwenye kituo kinachokwenda polepole kuliko vyote, ambacho ni cha klorini. Mwezeshaji anaonyesha kwa dakika nne. Kisha kundi linapiga hesabu kwa dakika nne: asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayotaka, toa moja; jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jiki ya asilimia 3.5 ukitaka maji ya asilimia 0.5 inakupa 7, ukitoa moja inabaki 6, kwa hiyo kikombe kimoja cha jiki kinaongezewa vikombe sita vya maji. Chupa ikiwa ya asilimia 5, ni kikombe kimoja kwa vikombe tisa. Hapo mabishano hutokea karibu kila mara, kwa sababu wapo waliokariri “moja kwa sita” bila kusoma chupa, na mabishano hayo yana thamani kuliko somo lenyewe, usiyakate. Zinabaki dakika 12 za vitendo. Wakifanya wawili wawili, kila jozi ikiwa na kikombe chake na ndoo yake, wote wanamaliza ndani ya dakika hizo 12, pamoja na kuandika tarehe na saa kwenye ndoo. Wakipewa ndoo moja na kikombe kimoja, jozi tatu zinasubiriana, dakika 12 zinakuwa 25 au zaidi, na makundi mengine matatu yanasimama bila kazi. Kwa maneno mengine, ndoo mbili zilizosahaulika stoo zinaweza kula karibu saa nzima ya siku yako, kwa kuwa ucheleweshaji huo unajirudia kila kundi jipya linapofika.

Vituo vingine vina mwendo wake. Kunawa kwa maji na sabuni kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani huchukua sekunde 40 hadi 60. Muda huo ni pamoja na kukausha; ukiongeza kupishana kwenye bomba, mtu anatumia kama dakika moja na nusu. Watu sita kwenye bomba moja ni dakika 9. Ongeza dakika nne za kuonyesha na dakika chache za kurekebishana, hasa kidole gumba na ncha za vidole ambazo wengi huziruka, na kituo kinafika 17 au 18. Glavu zinavaliwa na wote kwa pamoja, kwa hiyo kituo hicho kinaweza kumalizika kwa dakika 12. Kundi lililomaliza mapema likiachwa bure litatoa simu, na kulirudisha ni kazi. Andaa jambo la kujaza dakika nane zilizobaki: kwa mfano, kila mtu avue glavu zilizopakwa rangi kidogo kisha mwenzake amkague kama rangi imegusa ngozi. Kwenye taka, wape boksi la sindano lililojaa hadi juu na lingine lililofika robo tatu, waseme ni lipi lilipaswa kufungwa na lini.

Kengele ya kuhama ipigwe na mtu mmoja, naye asiwe mwezeshaji wa kituo chochote. Mtunza muda huyu ndiye mtu muhimu baada ya mratibu. Ana kadi tatu kubwa zenye 10, 5 na 0, anakaa nyuma ya ukumbi ambako mwezeshaji anamwona, na anaandika saa halisi ya kuanza na kumaliza kila sehemu. Mwezeshaji akiwa mkubwa wake kazini, kadi humfaa kuliko mdomo. Ni rahisi muuguzi kijana kuinua kadi ya 5 mbele ya daktari kuliko kumwambia muda umekwisha.

Sasa mapumziko. Chai ya saa nne haiguswi hata siku imechelewa vipi. Wahudumu wengi wametoka nyumbani saa kumi na mbili bila kula, na ukisogeza chai hadi saa tano watatoka mmoja mmoja kutafuta maandazi nje, na kuwarejesha utatumia muda mrefu kuliko uliookoa. Lakini nusu saa itatosha tu ukipanga namna ya kumimina. Birika moja na mtu mmoja anayemimina hutumia kama sekunde 40 kwa kila kikombe, kwa hiyo mtu wa 24 anapata chai dakika ya 16, na ndiye utakayemsubiri. Weka meza mbili, moja kila upande wa ukumbi, sambusa na chapati zikiwa zimekwisha pangwa kwenye sahani, na mtu wa mwisho anahudumiwa dakika ya nane.

Chakula ni hesabu ileile. Meza iliyosukumwa ukutani ina foleni moja. Kwa dakika moja kila sahani, hiyo ni dakika 24. Ivute meza katikati ya chumba, watu wapite pande zote mbili, na inakuwa 12. Mkubaliane na mama lishe kwamba chakula kiwe mezani saa 6:15, wala si saa 6:25. Sufuria ya wali ikichelewa dakika kumi, watu hawaoni, kwa kuwa kipindi kilikuwa bado kinaendelea.

Saa ya swala inategemea mahali. Dar es Salaam na ukanda wa Pwani adhuhuri huingia takribani kati ya saa 6:05 na 6:40 kutegemea mwezi, kwa hiyo mapumziko ya 6:25 hadi 7:30 yanawatosha wanaoswali na wasioswali. Kigoma jua hufika kichwani kama dakika 40 baadaye kwa saa hiyo hiyo ya ukutani, na ratiba iliyonakiliwa kutoka Tanga inaweza kuwafanya wanaoswali wachelewe kuingia kipindi cha tatu. Kule sogeza mapumziko yawe 6:45 hadi 7:50, na ukate dakika 20 kutoka kwenye mzunguko wa wodini. Ijumaa usiweke mafunzo ya siku nzima kama una njia nyingine. Mwezi wa Ramadhani ondoa chai, punguza kipindi cha tatu, na uwaachie watu saa nane na nusu. Mpango wa idara ufanyike siku nyingine kwenye kikao cha asubuhi.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye ratiba nyingi lakini hula muda wote wa jioni: karatasi ya posho. Jina kamili, cheo, namba ya simu, saini. Dakika moja na nusu kwa mtu, watu 24, dakika 36. Ikiletwa saa tisa na nusu, jaribio la mwisho linafanywa na watu waliosimama kwenye foleni. Karatasi hiyo ijazwe asubuhi wakati wa kujiandikisha, kwenye meza mbili, na saini iwekwe wakati wa chakula. Pesa itumwe kwa simu baadaye.

Akiba zimewekwa mahali zilipo kwa sababu. Ya kwanza iko kabla ya chakula ili ucheleweshaji wa asubuhi usivuke kwenda mchana. Ya pili iko kabla ya mpango wa idara, kwa kuwa mzunguko wa wodini huchelewa karibu daima: kundi linafika maabara, linakuta jambo linalohitaji kuamuliwa papo hapo, na mganga mfawidhi anataka lizungumzwe. Akiba yote ukiiweka mwisho wa siku, kipindi cha mpango kitakuwa kimeshasukumwa hadi saa kumi, na watu watajaza fomu wakiwa wameshika mikoba.

Na akiba isionekane kwenye karatasi ya washiriki. Ratiba yao iandike tu 4:30–6:25 mazoezi, 7:30–9:00 wodini. Wawezeshaji walioalikwa nao wapewe hiyo hiyo, isipokuwa saa zao za kumaliza, ambazo ziandikwe kwa wino: 6:05, 8:35. Mwezeshaji akijua kuna dakika 20 nyuma yake, atazitumia kabla ya mahitaji kutokea. Anayezifahamu ni mratibu na mtunza muda tu.

Tuone inavyofanya kazi mvua ikinyesha. Watu wanafika wamelowa, mnaanza saa 2:50 badala ya 2:30. Mmechelewa dakika 20. Mratibu anaondoa tukio la shuka kabla vikundi havijagawanywa, na kwa vikundi vitatu kurejesha majibu kunashuka hadi dakika 15. Anachukua pia dakika tano za maswali na kuandika maswali yaliyobaki kwenye karatasi kubwa ukutani. Zimeokolewa 10. Chai inaanza 4:10, inamalizika 4:40, kamili. Vituo vinne vinaanza 4:40. Vingeisha 6:15, lakini mabishano ya klorini yanaongeza dakika tano, vinaisha 6:20. Chakula kiko mezani, na mapumziko yanaanza 6:25 kama ilivyoandikwa, dakika tano za akiba zikiwa hata hazijaguswa. Washiriki hawajui kwamba asubuhi ilichelewa.

Siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, akiba ya kwanza isigeuzwe chakula cha mapema, kwani wali haujaiva na adhuhuri pengine haijaingia. Rudi kwenye karatasi ya maswali ukutani. Akiba ya pili itumike kuongeza muda wa mpango. Ya tatu ni ya watu: waache waondoke 10:15, na wale wa zamu ya jioni wawahi kupokezana.

Saa ya kwanza baada ya chakula isiwe na projekta. Ndiyo maana kuzunguka wodini kumewekwa pale. Makundi manne yanapita njia tofauti ili yasigongane kwenye chumba cha kujifungulia, na kila kundi lina orodha fupi: kuna sabuni kwenye kila sinki, boksi la sindano limefika wapi, ndoo ya klorini ina tarehe ya leo. Wanaangalia kwa dakika 35 na kujadili ukumbini kwa 30. Wanachoandika humo ndicho kinachoingia kwenye mpango wa idara saa 9:00, mambo matatu kwa kila idara, kila moja likiwa na jina la mhusika na tarehe. Kifaa kinachohitaji fedha ambayo kituo hakina kisiingie kwenye matatu hayo; kiandikwe pembeni kwa ajili ya mganga mfawidhi.

Jumanne jioni, kabla ukumbi haujafungwa, mratibu na mtunza muda wakae dakika 15 na karatasi ya saa halisi. Kama klorini ilikuwa ikitumia 24 kila mara, kuna kifaa kinachokosekana au kundi ni kubwa; ongeza ndoo, usiongeze muda. Kama kipindi cha kwanza kiliisha 3:50 bila kukatwa kitu, hamisha dakika hizo kumi kwenye mzunguko wa wodini. Kundi la Alhamisi lipewe ratiba iliyosahihishwa, na mama lishe apigiwe simu kama saa ya chakula imebadilika.